Simu ya Kaka Juu ya Cherehani

Kamera ya kompyuta ya dada mshonaji ilipokufa, kaka yake alimpa simu yake ya zamani. Dada akaifunga juu ya cherehani, ikawa inatuma picha kwenye kompyuta kwa Wi-Fi ya nyumbani, na wanafunzi wake wa mbali wakawa wanaiona sindano vizuri.

Leo picha iliganda kila alipofika kwenye tundu la kifungo. Akapunguza ubora wa picha, akachomeka chaji, akasogeza ruta karibu na cherehani. Wapi! "Simu gani hii, kimeo kitupu!" akafoka, huku wanafunzi wakiaga mmoja mmoja.

Chumbani, kaka alisikia kila neno. Alikuwa akipakua filamu kwa Wi-Fi hiyohiyo. Imebaki kidogo tu, alijiambia kwa aibu. Aliisimamisha filamu baada tu ya mwanafunzi wa mwisho kuaga.

Papo hapo picha ikaanza kutiririka kama maji. Dada akaja mlangoni, mnyonge.

"Kaka, nisamehe. Nimeitukana simu yako bure, kumbe ilitaka kupumzika tu."

"Yameisha, dada," akasema. "Nimekusamehe."