Simu Mbovu, Simu Nzuri, na Mita ya Marehemu

Mtu aliyepangwa kuigiza mteja hakutokea siku ile, ndipo wakanikumbuka mimi ninayewapikia chai. Nilikuwa nasuuza vikombe jikoni, kwenye bomba la ofisi ya maji, bomba lenye nguvu hadi maji yanakurukia kifuani. Mkufunzi akachungulia mlangoni.

"Mama Chai, unaweza kulalamika?"

"Kulalamika naweza, mwanangu. Kusikilizwa ndiko sijawahi."

"Safi! Hiyo hiyo sauti. Twende."

Walikuwa wanarekodi kanda ya kuwafundishia wahudumu wapya wa simu. Simu ni ile ile moja, inarekodiwa mara mbili: kwanza simu mbovu, kisha simu nzuri. Mteja habadiliki, na shida yake haibadiliki. Anayebadilika ni mhudumu. Hao wapya watasikiliza zote mbili, watasimamisha kanda, watataja makosa. Mkurugenzi alikuwa anaingoja saa nane mchana, na Mkufunzi alikuwa anatokwa jasho kama aliyekula pilipili.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya karatasi. Mlangoni walitundika blanketi, feni wakaizima isivume. Fundi wa sauti alikaa kwenye katoni na hedifoni zake masikioni. Mhudumu alikuwa Sauti ya Asali, kijana ambaye picha yake imebandikwa ukumbini kwa kuwa mhudumu bora wa mwaka. Ana sauti ya kumlaza mtoto mwenye homa.

Nikapewa karatasi. Sehemu ya shida waliacha wazi.

"Sema shida yoyote," Mkufunzi akaniambia. "Isikike ya kweli tu."

Ya kweli nilikuwa nayo. Siku ya thelathini na nne nyumbani kwangu hakuna maji. Nyumba ya jirani ilibomolewa, fundi akatumwa kuifunga mita yake, akaifunga yangu. Akaipiga na sili, ule waya wa muhuri ambao ukiugusa ni kesi. Mkwe wangu ana mtoto wa wiki sita, na nepi zinafuliwa kwa maji ya kuomba nyumba ya tatu. Kuomba kila siku kunachosha anayeomba na anayeombwa.

Simu mbovu ikaanza.

"Haloo, sema."

"Habari za kazi, mwanangu. Kwangu maji yame..."

"Namba ya akaunti!"

Nikaitaja.

"Hii ni ya mwanamume. Wewe mwanamume?"

"Ni ya marehemu mume wangu."

"Sasa wewe unapiga kama nani? Mwenye akaunti apige mwenyewe."

"Amefariki, mwanangu."

"Basi akipata nafasi apige."

Hakuniomba nisubiri. Aliniacha hewani, akatafuna bigijii karibu na kinasa sauti, akamuuliza Mkufunzi matokeo ya mpira, kisha akakata. Fundi wa sauti alicheka hadi akafuta machozi.

"Umeua!" Mkufunzi akapiga makofi. "Hiyo ndiyo mbovu yenyewe."

"Hata sijajitahidi, bosi," Sauti ya Asali akasema.

Mimi sikucheka. Maneno hayo nilishaambiwa kwenye simu ya kweli, mara mbili. Tofauti ni kwamba siku zile hapakuwa na bigijii.

Tukaingia simu nzuri. Kijana akakaa wima, akatabasamu peke yake, maana wanafundishwa kwamba tabasamu husikika kwenye simu.

"Asante kwa kuipigia ofisi ya maji. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akanisikiliza hadi mwisho. Akarudia shida yangu: "Kama nimekuelewa vizuri, mita iliyofungwa ni yako badala ya ya jirani." Akaniomba radhi. Akaniomba ruhusa ya kunisubirisha dakika moja, akarudi kabla haijaisha, akanishukuru kwa subira. Nilianza kujisikia mtu. Halafu akasema:

"Mama, pole sana kwa kuondokewa. Kwa usalama wa taarifa za mteja, tunaomba mwenye akaunti atupigie yeye mwenyewe. Je, kuna jambo lingine nikusaidie?"

Karatasi yangu ilisema nijibu: *Hapana. Nimeridhika, asante sana.*

Nikaiweka karatasi chini.

"Mama Chai, ni zamu yako," Mkufunzi akanong'ona.

"Siwezi kusema hivyo. Sijaridhika."

"Ni maigizo, mama!"

"Shida si ya maigizo. Na namba niliyotaja ni yangu. Ulimi huu ndio ninaotumia kumwomba Mungu alfajiri, siupeleki kwake na uongo wa ofisi ya maji."

"Lakini simu ya pili ilikuwa nzuri!"

"Nzuri, tena tamu. Wa kwanza alimngoja marehemu kwa matusi, wa pili anamngoja kwa heshima. Wote wawili watamngoja sana."

Fundi wa sauti akashauri dada wa mapokezi aitwe aseme hayo maneno manne. Mkufunzi akakataa: sauti itajulikana, itabidi simu zote mbili zirudiwe, na Sauti ya Asali anaingia zamu saa saba. Akanigeukia, sauti yake ikashuka.

"Mama Chai, usisahau nani anasaini mkataba wako."

"Sijasahau, bosi. Chai iko jikoni, mteja mtafute kwingine."

Nikasimama. Ndipo akamgeukia kijana. "Hebu fungua hiyo akaunti. Kwani utaratibu unasemaje?"

Sauti ya Asali akafungua kompyuta ndogo. Akasoma. Asali ikamwisha.

"Bosi, agizo lilikuwa la mita ya jirani. Fundi kakosea. Hili ni kosa letu, halimhitaji mwenye akaunti. Yeyote akiripoti, tunafungua."

"Na kubadilisha jina?" nikauliza. "Cheti cha kifo nilileta miaka mitano iliyopita."

"Faili limekamilika, mama. Linasubiri kubonyezwa tu."

"Nani anabonyeza?"

Akatazama vidole vyake. "Sisi. Watu wa simu."

Akabonyeza, akamtuma na fundi. Ilichukua muda wa kumenya ndizi. Kisha wakarekodi upya, na safari hii kijana alisema kosa ni la ofisi, akataja namba ya taarifa, akasema fundi atafika ndani ya saa mbili na yeye mwenyewe atanipigia kuhakikisha. Nikamwambia amesema vizuri sana. Nikamwambia pia kwamba neno langu nitalisema maji yakitoka.

Sauti ya Asali akaenda zamu, tukabaki stooni watu watatu, feni imezimwa, tunaitazama simu yangu kama wagonjwa wanaongoja daktari. Saa saba na nusu mkwe akapiga.

"Mama! Fundi kaja, kakata ule waya! Bomba lilikohoa, likatema kutu, sasa yanatoka meupe! Nijaze mapipa?"

"Jaza na masufuria."

Nikamshukuru Mungu kwanza. Kisha nikakisogelea kinasa sauti nikasema: "Hapana. Nimeridhika, asante sana." Mkufunzi nusura anibusu mkono.

Wiki iliyofuata niliingiza chai kwenye darasa la wahudumu wapya. Kanda ilikuwa inacheza. Nikasikia shikamoo, nikasikia pole, nikasikia ruhusa ya kusubirishwa. Pale kijana anapokiri kosa la ofisi hapakuwapo. Mkurugenzi alikuwa amesema panarefusha kanda na panaichafua ofisi, wakapaondoa. Baada ya pole ikafuata sauti yangu, nimeridhika.

Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Mteja karidhika na nini?"

"Na huduma," Mkufunzi akajibu haraka.

"Ipi?"

Darasa likacheka. Mkufunzi akanitazama kwa macho ya kuniomba nitoke. Nikaweka sinia mezani, nikavuta kiti.

"Muulizeni mteja mwenyewe," nikasema. "Huyu hapa, na hajafa."