Karasha la Mageni na Siku Kumi na Nne

Epifania, ambaye watu wa mtaa wa Nyahanga walimwita Mama Gregory, hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini karatasi zake zilisema kila kitu. Katika karakana yake pale Kahama alitengeneza makarasha, yale mapipa ya chuma yanayozunguka na kusaga mawe ya dhahabu. Mdogo wake Donatus ndiye aliyechomelea. Yeye mwenyewe alipima, akapiga hesabu, akatafuta wateja.

Tarehe moja Juni alimwandikia nukuu ya bei Mageni, mchimbaji mwenye leseni ndogo kule Bukombe. Karasha moja, mota ya nguvu farasi ishirini, mipira ya chuma na kufungwa hukohuko machimboni: jumla milioni kumi na nane. Asilimia sitini italipwa mwanzo, thelathini karasha likijaribiwa karakanani kabla ya kupakiwa, kumi likishafungwa. Kazi itachukua siku ishirini na moja tangu malipo ya awali yaingie. Chini yake aliandika kwa herufi nene:

“Bei hii ni halali kwa siku kumi na nne, hadi tarehe 14 Juni, saa kumi na moja jioni. Kukubali, weka sahihi hapa chini, tuma picha ya ukurasa huu kwa WhatsApp au ulete mwenyewe, na ulipe malipo ya awali kwenye akaunti ya karakana. Tutaanza kazi tukipata vyote viwili. Kukubali kwa simu hakutoshi.”

Mageni alipiga simu siku ya tatu. “Mama Gregory, nimekubali. Anza kazi!”

“Nashukuru, baba. Weka sahihi, tuma picha na malipo. Nikivipata tu, naanza.”

“Wewe mwanamke una karatasi nyingi. Neno langu halitoshi?”

Donatus naye alinung'unika. Bamba la chuma lilikuwepo dukani kwa bei nzuri. Kwa nini wasinunue? Lakini Epifania alikumbuka mteja wa mwaka juzi aliyesema “sawa, sawa” kwenye simu, na karasha lake likakaa miezi minane likila kutu. Akakataa. Tarehe kumi na mbili akamtumia Mageni ujumbe: zimebaki siku mbili. Alama mbili za bluu zikaonyesha kwamba umesomwa. Jibu halikuja. Wiki iliyofuata bamba likapanda bei.

Alhamisi tarehe ishirini, jua likiwa utosini, gari dogo la mizigo lilisimama getini. Mageni alishuka na vijana wawili wenye mikono ya kuchimba. Alikuwa na jicho la damu na kovu bichi shingoni. Wenzake wa shimoni walikwisha kumfokea, na zaidi ya kumfokea, kwa mawe yaliyolala bila kusagwa. Alitupa mfuko wa sandarusi juu ya meza.

“Milioni kumi na laki nane. Sitini yako hiyo. Karasha langu liko wapi?”

“Karibu, baba Mageni. Karasha halijaanzwa. Nukuu yako ilikwisha muda Ijumaa iliyopita. Bamba limepanda, sasa ni milioni ishirini na laki nne. Nitakuandikia nyingine sasa hivi, na…”

“Nilikubali kwenye simu!”

“Soma chini hapa. Tulisema simu haitoshi. Na nilikukumbusha.”

Mageni aliinyakua ile karatasi, akaitazama, akaikunja ndani ya ngumi. Halafu akamzaba Epifania kofi lililomwangusha juu ya rundo la vyuma. Sikio likalia ngiii. Kabla hajainuka alimwona Donatus akiruka kutoka nyuma ya mashine, kofia ya kuchomelea ikiwa bado kichwani.

Vijana wale walimdaka. Mmoja alimshika mabega, mwingine akampiga teke la tumbo, na Mageni akaokota kipande cha nondo. Pigo la kwanza lilivunja kioo cha ile kofia. La pili Donatus alilikinga kwa mkono wa kulia, na Epifania akausikia mfupa ukikatika, sauti kavu kama kuni.

“Mayu wane!” Donatus alimlilia mama yake kwa Kisukuma, akapiga magoti. Nondo ikapanda tena.

Epifania hakumbuki alivyoinuka. Anakumbuka uzito wa nyundo ya kilo mbili, na goti la Mageni likibonyea. Mageni alianguka akipiga ukelele, na Epifania akaiinua nyundo mara ya pili, akalenga uso. Alitaka kumuua. Jambo hilo hakulificha baadaye, hata mbele ya padri. Kilichomzuia ni kijana mmoja aliyemsukuma, nyundo ikagonga sakafu na kutoa cheche.

Kelele zilikwisha kufika kwenye karakana za jirani. Mtu huko nje akapaza sauti: “Mwizi! Wezi kwa Mama Gregory!”

Neno hilo likishatamkwa halirudi. Wanaume walimiminika na spana, mabomba na mawe. Vijana wawili walipenya wakatokomea. Mageni, mwenye goti lililovunjika, alibaki. Walimburuta hadi barabarani. Jiwe lilimpasua paji la uso, buti likamtoa meno. Fundi pikipiki aitwaye Nasibu akaja akiviringisha tairi kuukuu, na nyuma yake mtu amebeba petroli ndani ya chupa ya maji.

Epifania alisimama mlangoni. Nyuma yake mdogo wake alikuwa akiugulia, mkono umening'inia. Angenyamaza tu, basi. Hakuna ambaye angemuuliza. Alimtazama Mageni akimeza damu, petroli ikimlowesha shati, na akaona mkononi mwake ile karatasi, bado imekunjwa ndani ya ngumi.

“Si mwizi!” alipiga kelele. “Nasibu, acha! Si mwizi, ni mteja!”

“Mteja gani anavunja watu mikono?”

Aliwasukuma, akapiga magoti kwenye petroli, akaifumbua ile ngumi kidole kwa kidole. Akainyoosha karatasi mbele ya uso wa Nasibu. “Soma jina. Mageni. Soma tarehe. Nilimwandikia bei, akachelewa, akaja na fedha zake. Ziko mezani pale. Amenipiga, amemvunja ndugu yangu, atafungwa. Lakini hakuja kuiba, nami sitasema aliiba.”

Nasibu alisoma polepole, midomo ikicheza. Mtu mmoja nyuma akasema wachome tu. Nasibu akaipiga teke ile chupa ya petroli, ikaviringika mtaroni. “Mmesikia. Ni mteja,” akasema, akakaa juu ya tairi lake hadi polisi walipofika.

Mfuko wa fedha uliandikwa kituoni na kurudishwa kwa wenzake wa Mageni. Donatus alipewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwa, akafungwa plasta kutoka kiwiko hadi vidole. Mageni alitibiwa chini ya ulinzi, kisha akafikishwa mahakamani kwa kujeruhi.

Julai ilipoanza alikuja Agatha, mshirika wa Mageni katika leseni ile, mwanamke wa Ushirombo. Alisimama getini, hakuingia.

“Shikamoo, Mama Gregory. Najua sina uso wa kuja hapa. Lakini mawe yapo, na tuko kumi na wawili tunaolitegemea shimo lile.”

“Marahaba. Ingia.”

Epifania alimwandikia nukuu mpya, kwa bei mpya, siku kumi na nne. Agatha aliisoma yote, kisha akaisoma tena. Siku ya tatu picha ya sahihi yake iliingia, na saa moja baadaye benki ikatuma ujumbe.

Jioni hiyo Donatus alikuwa amekaa kwenye benchi akimtazama fundi wa kukodi akikata bamba.

“Kwa hiyo tunawatengenezea,” alisema.

“Wamekubali ndani ya muda, Donatus.”

“Na siku ile, kama mimi ningekufa? Ungewazuia wasimchome?”

Epifania alitafuta jibu. Alilitafuta kwa haki, jinsi anavyotafuta kosa katika hesabu.

“Sijui,” alisema.

Donatus aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwita yule fundi na kumwambia kwamba anakata nje ya mstari.