Milioni Tatu Zilizorudi Mara Nne

Ofisi ya kodi ilikuwa na viti vitatu, kimoja kibovu. Muuza magodoro ndicho alichokalia. Hakutaka kuhama. Alitaka kimwangushe, apate sababu ya kupiga kelele.

"Shemeji, tulia basi," shemeji yake alimnong'oneza. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, na ndiye aliyemburuta kuja, mfuko wa karatasi mapajani.

"Nitulie nini? Duka wanalitaka, walichukue. Wakalale wao kwenye hayo magodoro."

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisogeza karatasi mbele yake. Alisoma polepole, kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma, na hilo nalo likamchoma mzee.

"Mwaka jana ulitangaza mauzo ya milioni ishirini. Benki yako inaonyesha zimeingia thelathini na tatu na laki nne. Juu yake, ulilipa hospitali binafsi milioni tatu taslimu, na sijui ulizitoa wapi. Jumla, milioni kumi na sita na laki nne hazina maelezo. Nimezihesabu kuwa mauzo uliyoficha. Kodi, adhabu na riba hizi hapa. Usipopinga kabla ya Ijumaa, deni litasimama, na duka linaweza kukamatwa."

Muuza magodoro aliitazama tarakimu ya mwisho. Hata angeuza kila godoro, na shuka za mfano dirishani, asingeifikia.

"Nimekuandikia barua tatu, mzee. Hukujibu hata moja."

"Mambo ya marehemu mke wangu si ya ofisini."

"Ya marehemu? Hapa nina benki tu."

"Ndiyo ubaya wenu! Mnaona benki tu!"

Kiti kilipiga kelele chini yake. Shemeji akamfinya mkono, kisha akamgeukia mkaguzi.

"Dada, hebu angalia tarehe pesa zilipoingia. Mafungu ya milioni tatu tatu."

"Yapo manne. Yote milioni tatu kamili. Ndiyo yaliyonitia shaka. Magodoro hayauziki kwa hesabu iliyonyooka hivyo."

"Sasa angalia upande wa kutoa. Siku hizo hizo."

Ukurasa ulikuwa na safu mbili, na mkaguzi alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu kwenye moja tu, ile ya kuingia. Alishusha kidole kwenye ile nyingine. Asubuhi zimetoka milioni tatu. Alasiri zimerudi milioni tatu. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Mara nne.

"Kwa nini utoe pesa asubuhi na kuzirudisha alasiri?"

Shemeji alitoa kadi ya kliniki iliyokunjika. Muuza magodoro akaipokonya, akaigonga mezani.

"Soma! Wewe si unajua kusoma? Hospitali yenu, ya serikali, ilitaka taslimu kabla ya kipimo. Nazitoa, nambeba mgonjwa, tunafika. 'Mashine mbovu, rudini mwezi ujao.' Nibaki na milioni tatu nyumbani, niibiwe? Nazirudisha benki. Mara nne, mama! Mara ya tano nikampeleka kwa hao binafsi, na milioni tatu nilizotoa asubuhi hiyo hazikurudi. Wakasema tumechelewa. Kodi ya kununulia mashine nalipa mimi. Mashine haifanyi kazi, mke wangu anakufa, halafu mnanitoza kodi kwa sababu mashine ilikuwa mbovu!"

Mkaguzi alilinganisha mihuri ya kadi na tarehe za benki, moja baada ya nyingine. Akafuta milioni kumi na mbili. Akatafuta ile mara ya tano, akaipata upande wa kutoa, akafuta na milioni tatu za hospitali binafsi.

"Imebaki milioni moja na laki nne."

"Hizo ni zangu," alisema mzee, bila aibu. "Niliuza bila risiti. Mgonjwa alikuwa anakula dawa, si risiti. Hizo nitalipa."

"Shemeji!"

"Wacha. Uongo nawaachia wao."

Mkaguzi alijaza fomu ya marekebisho, akamgeuzia atie sahihi. Penye sababu palikuwa na maneno matatu: *Fedha zilizorudishwa benki.*

Muuza magodoro aliweka kalamu chini.

"Zilirudishwa kwa nini?"

"Mzee, inatosha hivyo. Duka limepona."

"Duka limepona. Aliyelianzisha na mimi hakupona. Andika kwa nini."

"Mkuu wangu hatapenda. Hospitali ni ya serikali, na yule ni mtu wa serikali."

"Na mimi nilikuwa mume wa mtu. Sisaini."

Mkaguzi alitazama mlango wa mkuu wake, ukiwa umefungwa. Akavuta fomu, akaandika chini ya maneno yale, kwa herufi kubwa, akiinakili kadi: *Mashine mbovu. Mgonjwa hakupimwa.* Akaweka tarehe. Akaandika tena. Mara nne, tarehe nne.

Muuza magodoro alisoma kila mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Kisha akasaini kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi.