Asilimia Tisini na Moja

Tabora yetu hii kila ukoo una babu aliyeongoza msafara. Walitoka pwani na shanga na vitambaa, wakarudi na pembe, na ukiwasikiliza wajukuu, wote walikuwa mbele wameshika bendera. Nimefika miaka hamsini na mbili na sijakutana na mjukuu wa mpagazi hata mmoja. Mizigo ile sijui ilijibeba yenyewe. Nilisema hivyo TikTok, nikiwa kwenye cherehani yangu Isevya, baada ya harusi moja ambayo msemaji wa familia alitaja nasaba mpaka pilau likapoa. Sikutaja jina la mtu, sijawahi kutaja. Lakini kesho yake nusu ya mtaa walininunia, kila nyumba ikiamini imesemwa yenyewe.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya Ijumaa. Mimi ni fundi wa magauni ya harusi, kwa hiyo karibu kila sherehe nina mwaliko. Baada ya Alasiri naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, najirekodi nikishona, nasema niliyoyaona. Nimesema kuhusu shela iliyoazimwa ikarudishwa na doa la mchuzi. Nimesema kuhusu mama aliyelia ukumbini mpaka mpiga picha alipobadilisha betri, akanyamaza, kisha akaanza upya. Mtu akiniuliza kama nawaonea, namjibu kwamba ukumbi mimi sikukodi.

Sasa Maua akachumbiwa. Maua ni binti wa kaka yangu Adinani, lakini mama yake alifariki mtoto hajaota meno, na aliyemlea ni mimi. Mimi ndiye shangazi yake, na kwetu bi harusi hatoki chumbani bila mkono wa shangazi. Gauni lake nilikuwa nimeshaanza kulishona kabla mchumba hajajulikana. Mchumba akawa Selemani, kijana mpole wa Kitete, ambaye kosa lake pekee ni mama aliyemzaa.

Mama huyo anaitwa Bi Batuli. Alileta ujumbe kwamba familia yao haiwezi kuketi ukumbi mmoja na mwanamke wa mitandao. Nifute akaunti, au harusi nisikanyage. Kaka yangu, badala ya kumwambia aende zake, akaitisha kikao.

Tulikaa nyumbani kwake Chemchem, siku ya Jumapili asubuhi. Wanaume upande wa makochi, wanawake kwenye mkeka, Maua katikati yetu kajiinamia. Bi Batuli alikuja na mwanawe mkubwa, Issa, anayefanya kazi ya kutangaza biashara za watu mitandaoni. Alimleta kama watu wanavyomleta daktari, atoe cheti kwamba mgonjwa ameshakufa.

"Shikamoo kaka," nilimwamkia Adinani.

"Marahaba. Zuwena, leo tunamaliza jambo hili," alisema bila kunitazama. "Bi Batuli, karibu useme."

Bi Batuli akajiweka sawa. "Mimi sina ugomvi na Bi Zuwena. Ninachosema, mambo yale hayatazamwi na mtu mwenye heshima zake. Wanaomtazama ni wahuni wa huko mbali, hawatujui. Watu wa hapa wamemkataa. Na ushahidi upo, Issa atausoma."

Nikampa Issa simu yangu. Sikuwa na cha kuficha, na nilitaka kuona atakachokitafuta. Akafungua sehemu ya takwimu, akachagua siku ishirini na nane zilizopita, akaingia kwenye watazamaji.

"Kati ya waliotazama," alisoma, "wafuasi wake ni asilimia tisa. Wasio wafuasi, tisini na moja."

"Mmesikia!" Bi Batuli akapiga paja. "Tisini na moja si wake! Ni wapita njia! Kwenye watu mia moja, tisa tu ndio wamekubali kuwa naye."

Mkeka mzima ukaguna. Shangazi zangu, wake wa binamu, majirani, wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, kana kwamba nimefilisika mbele yao. Na kwa kweli kati yao hakuna hata mmoja anayenifuata. Najua, kwa sababu jina la anayekufuata linaonekana, na mtu wa Tabora akibonyeza kitufe kile ni sawa na kusimama msikitini akatangaza kuwa yuko upande wako. Hilo hawafanyi. Hawa ni watu wanaopeleka mchango wa harusi usiku usiku wasije wakaonekana wametoa kidogo.

"Basi imekwisha," alisema Adinani. "Zuwena, unapigania nini? Hata ndugu zako hawakutazami. Futa, mtoto aolewe kwa amani."

Niliumia. Sijali kununiwa, nimezoea, lakini nilimtazama Maua na kuona machozi yanadondoka kwenye khanga yake, na nikajua kwamba nitafuta. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Kilichonizuia ni Issa. Alikuwa bado na simu yangu mkononi, ameteremsha ukurasa chini kidogo, na uso umembadilika. Kisha akaizima skrini na kuiweka mezani taratibu.

"Mbona umenyamaza?" nilimuuliza. "Soma na ya chini."

"Inatosha, Ma'mdogo."

"Soma baba," alisema Adinani. "Tusiseme tumemuonea."

Issa akamtazama mama yake, akaichukua tena. "Kuna wapya na kuna wanaorudi," alisema kwa sauti ndogo. "Wapya ni wale ambao hawakuwahi kumtazama kabla. Ni asilimia ishirini na nne. Wanaorudi ni sabini na sita."

"Wanaorudi wapi?" aliuliza Bi Batuli.

"Kwake. Walishatazama, wakatazama tena."

"Ndio hao tisa wake."

"Hapana mama. Tisa haiwezi kuwa sabini na sita." Issa alifuta jasho. "Hata wafuasi wake wote wakiwa wamerudi, ukiwatoa wanabaki sitini na saba. Hao si wafuasi, na wanarudi. Simu haionyeshi majina, lakini hesabu ndiyo hiyo."

Mke wa binamu yangu mmoja alianza kuokota nyuzi ambazo hazikuwepo.

"Labda TikTok inawaletea tu, bila wao kutaka," alisema Adinani, ambaye kwa mara ya kwanza alionekana kufikiri.

Issa akabonyeza tena. Nilianza kumpenda kijana huyu, alikuwa anaipenda kazi yake kuliko alivyomuogopa mama yake. "Wengi hawakuletewa, mjomba. Wameingia kwa kufungua ukurasa wake wenyewe. Na miji... wa kwanza ni Tabora. Asilimia themanini na kitu. Dar es Salaam inafuata kwa mbali."

Nikacheka, siwezi kusema uongo. Watu waliowaita watazamaji wangu wahuni wamenizunguka, na sehemu kubwa ya wahuni wangu wameketi kwenye mkeka huo wakiwa wamejitanda. Wakikutana nami dukani wananipita kama hawanijui, wakifika nyumbani wanabana mlango na kuandika jina langu kwenye simu.

"Uongo!" Bi Batuli alisimama. "Mimi sijawahi kumtazama hata siku moja, na ninajua yote aliyotusema! Ametusema kwenye ile ya keki iliyoegemezwa kwa kijiko. Ametusema kwenye ile ya mama aliyelia mara mbili, na mwisho kabisa, baada ya kukata uzi, akacheka kwa pua. Ile ya shela akasema sehemu mbili, na ya pili ndiyo mbaya zaidi!"

Issa alifunika uso kwa viganja. Bi Batuli akabaki kasimama, kidole juu, mpaka alipojisikia mwenyewe.

"Nimeambiwa," alisema.

"Na kucheka kwa pua pia uliambiwa?" nilimuuliza.

Hapo Maua akainua kichwa. "Baba," alisema, "shangazi asipokuwepo, mimi chumbani sitoki." Alisema hivyo tu, lakini ilitosha. Mtoto nimemlea.

Wanaume wakateta, na wanaume wakiteta lazima watoe hukumu inayowapa wao ushindi. Wakaamua akaunti ibaki, harusini niende, ila niape kwamba ya harusi hii sitayasema mtandaoni. Nikaapa mbele ya wote. Kwa ajili ya Maua ningeapa kutosema tena mpaka kufa.

Harusi ikafika. Nilimvisha Maua kwa mikono yangu, nikamtoa chumbani, akanishika kiganja mpaka kikafa ganzi. Gauni lilikaa mwilini kama limezaliwa naye, na nililia bila kungoja betri ya mtu yeyote. Mengine niliyoyaona ukumbini niliapa kutoyasema mtandaoni, na hapa si mtandaoni, basi nitasema machache. Bi Batuli alibadilisha gauni mara tatu katika harusi isiyokuwa yake. La kwanza lilikuwa la kijani, lenye mkia mrefu kuliko wa bi harusi, na alitembea nalo hadi kwenye sahani za wageni kukagua nani amepewa minofu. Niling'ata ulimi.

Ijumaa iliyofuata niliegemeza simu kama kawaida. Nikashona upindo mzima kimya, nikakata uzi, nikazima. Waliotazama walikuwa wengi kuliko Ijumaa yoyote tangu nianze, karibu wote wa kurudi. Walirudia na kurudia, nadhani wakitafuta mahali niliponong'ona.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafungua duka, Bi Batuli akaja peke yake, kajifunika mpaka puani. Nilimkaribisha. Hakukaa.

"Bi Zuwena, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu."

"Binti wa jirani yetu Bundala, harusi yake uliisema Ijumaa mbili mfululizo. Harusi ya watu wenye masufuria manne. Sisi tumechinja ng'ombe, tumeleta muziki, umekaa unashona kimya kama hukualikwa!"

"Nilikatazwa, Bi Batuli. Mlinikataza wenyewe."

"Tulikukataza kwenye kikao! Kikao ni kikao!" Nikaona kwamba mwanamke huyu ameumia kwelikweli, kuliko alivyowahi kuumia nilipomsema. "Mjini wanasema haikuwa na la kusemwa. Wanasema ilikuwa harusi ya kawaida tu."

Ningeweza kumwonea huruma, nikaamua nisijichoshe. Nilimwambia nimekula kiapo mbele ya kaka yangu na wazee, na kiapo hakifunguliwi na mtu mmoja.

"Kina wenyewe," alisema. "Nimeshazungumza na Adinani. Ameona sawa, ukisema kwa adabu."

"Kwa adabu mimi siwezi."

Alitazama barabarani huku na huku. Kisha akaingia ndani, akaivuta stuli ya wateja mpaka karibu na cherehani, akakaa, akajifunua uso.

"Basi sema unavyoweza," alisema. "Anzia na gauni la kijani. Na jina langu ulitaje lote."