Msemaji wa Kwanza Anasali

Jumamosi ile asubuhi ilikuwa zamu yangu kuongoza sala ya jumuiya, nyumbani kwa jirani yangu Felicitas, hapa Temeke. Nilifumba macho, nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza vizuri kabisa: "Ee Baba mwema, tunakushukuru kwa siku hii mpya." Kisha nikaendelea kwa sauti ileile ya unyenyekevu: "Dakika ya pili, sekunde kumi na nne. Msemaji wa kwanza anakohoa. Kelele za pikipiki. Maneno hayasikiki."

"Amina," akajibu mzee Cyprian, mwenyekiti wetu, ambaye huitikia amina hata kabla hujamaliza.

Felicitas ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Waliobaki wakafuata, na mie nikafumbua macho nikidhani labda kuku ameingia ndani.

Nina miaka arobaini na minne. Mchana natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Jioni tatu kwa wiki nasoma chuoni, ununuzi na ugavi. Halafu tangu Machi nafanya kazi za mtandaoni: nasikiliza sauti zilizorekodiwa, naandika nani kasema nini, dakika ya ngapi, na kelele gani zimesikika. Nusu saa ya sauti hunichukua saa mbili na nusu. Kazi mpya ikiingia simu inalia, nami nabonyeza "kubali" kama kuku anayedonoa mtama. Kila kazi ina siku mbili. Ukichelewa, alama zako zinashuka, na zikishuka sana huletewi kazi tena.

Na Jumatatu jioni nilikuwa na mtihani wa marudio wa usimamizi wa akiba ya stoo. Nikifeli tena, narudia mwaka mzima.

"Mama Blessing," Felicitas aliniuliza huku akijifuta machozi, "wiki hii umelala saa ngapi kwa usiku?"

"Nimelala."

"Sijauliza kama umelala. Nimeuliza saa ngapi."

"Tatu. Siku nyingine mbili. Lakini nasali! Hata Rozari sijaacha."

"Ukiwa na hedifoni sikio moja! Nilikuona Jumanne. Bikira Maria upande huu, bodaboda upande ule!"

Kicheko kikalipuka upya. Hapo akachungulia Khalfani, mwanafunzi mwenzangu, kijana wa miaka ishirini na nne, aliyekuja tusome pamoja na alikuwa ananisubiri barazani.

"Shikamoo mama. Shikamooni wote. Samahani, nimesikia kila kitu. Umekubali kazi ngapi?"

"Tisa. Za nusu saa nusu saa."

Akahesabu kwa vidole. "Saa ishirini na mbili na nusu, mama. Haya, stoo yenu inabeba mifuko mingapi ya simenti?"

"Mia mbili."

"Bosi akileta mia tano?"

"Nalizuia lori getini!" nilisema kwa ukali. "Sitaki simenti ilale nje inyeshewe!"

Wote walikuwa wananitazama. Nikatazama simu yangu. Mungu wangu. Kumbe huo ndio ukomo wa juu wa akiba, swali nililoliacha tupu kwenye mtihani wa kwanza! Miaka kumi nazuia malori, na mimi mwenyewe sina geti.

Khalfani akanionyesha nilichokuwa sijawahi kukisoma: kazi ambayo hujaianza unaweza kuirudisha ndani ya saa kumi na mbili bila kupoteza alama. Saba zilikuwa za alfajiri ileile. Mbili nilishazianza. Tena kulikuwa na kitufe cha "sipo kazini"! Tangu Machi kipo tu, kinaniangalia.

Nikanyoosha kidole, nikakirudisha, nikakinyoosha tena.

"Tukiombee kidole," akasema mzee Cyprian, wala hakuwa anatania.

Nikarudisha moja. "Amina!" Ya pili. "Amina!" Ya saba ilipoondoka Felicitas alikuwa anacheza katikati ya sebule, na Khalfani, Mwislamu safi, anapiga makofi.

Mbili zilizobaki nilizimaliza kabla ya jua kuzama, nikazima kila kitu, nikalala saa tisa mfululizo. Wiki nzima nilikuwa namwomba Mungu nguvu, kumbe yeye alikuwa ananipa usingizi nami naukataa.

Jumatatu nikafungua karatasi. Swali la kwanza: eleza ukomo wa juu wa akiba. Nikacheka kwa sauti.

"Mama, kuna tatizo?" akauliza msimamizi.

"Hapana mwalimu. Ni neema tu."

Nikaandika lori, geti na mifuko mia mbili, mpaka kalamu ikapata moto.

Siku hizi mtandaoni naingia saa kumi na moja alfajiri, kazi moja tu mkononi, ya robo saa. Kengele ya parokia ikilia saa kumi na mbili naacha, hata msemaji awe katikati ya neno, nasali Malaika wa Bwana, naenda stoo. Jumapili sigusi. Wiki ya mtihani nabonyeza kile kitufe.

Matokeo yalipotoka, sitini na nane. Jumamosi yake wakanipa tena zamu ya kusali. Nikashukuru kwa maneno ya watu wazima, neno kwa neno, bila dakika wala sekunde, nikamaliza.

Mzee Cyprian, macho amefumba, akaitikia: "Msemaji wa pili: amina."

"Kelele za vigelegele," akaongeza Felicitas, na kweli akavipiga.