Madaraja ya Salfa

Pale Uppsala, saa tisa alasiri maabara nzima huacha kazi na kwenda kunywa kahawa. Asiyekwenda husemwa. Ingegerd alikuwa hajaenda tangu Novemba, alipomzika Torvald, na watu walishachoka kumsema.

Torvald hakuwa mumewe. Walifanya kazi meza moja miaka kumi na tisa, na kwa mtu asiyesubiriwa na yeyote nyumbani, hilo si jambo dogo. Alikuwa ameacha makala waliyoiandika pamoja, jina lake likitangulia: kwamba protini yao, ya ndani ya seli za hamira, ni minyororo minne iliyofungwa kwa madaraja ya salfa, yaani salfa ya mnyororo mmoja kushikana na ya mwingine. Ingepelekwa jaridani Ijumaa.

Jumanne Maj-Britt wa chumba cha pili aliingia na kikombe.

"Kahawa imekufuata yenyewe, maana wewe huitaki." Akaichungulia makala. "Salfa kushikana ndani ya seli? Mle si kila moja hukaa kivyake? Mliziziba kabla ya kupasua seli, zisishikane zikikutana na hewa?"

"Aliyepasua ni Torvald."

"Sikuuliza nani, shoga. Nimeuliza kama mliziziba."

Ingegerd alilifungua daftari la marehemu. Hakuna mahali palipoandikwa kuziba.

Alichukua seli mpya akazigawa mafungu mawili, moja akalitia dawa ya kuziba salfa kabla ya kulipasua. Kisha yote mawili akayachemsha katika sabuni kali. Sabuni ile haina huruma: vifungo vya haidrojeni vinavyousokota mnyororo na kuukunja vipande bapa hulegea, sehemu zinazokimbia maji na kujificha katikati huvuliwa nje, chaji zinazovutana huachana. Minyororo iliyokaa pamoja kwa nguvu hizo tu hutengana. Kinachosalimika ni vifungo vya peptidi, vinavyoshika asidi za amino moja baada ya nyingine, na madaraja ya salfa, kama yapo.

Alhamisi aliitazama jeli alimoipitisha minyororo kwa umeme, mizito ikibaki juu na miepesi ikishuka. Fungu lisilo na dawa lilikwama juu, zito, minne pamoja. Lenye dawa lilikuwa limeteremka hadi chini, kila mnyororo peke yake.

Huenda ndani ya seli minne ile hukaa pamoja kweli, lakini kwa nguvu zile nyepesi. Madaraja yalijengwa na hewa, seli ikiwa imeshapasuliwa.

Hakuna mwingine aliyeiona jeli ile. Pipa la taka lilikuwa hatua mbili tu, na Mungu amsamehe, alilitazama kwa muda mrefu. Kisha saa tisa ikafika, akaenda kwenye kahawa.

"Makala haiendi," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Tulikosea. Salfa zilishikana mikononi mwetu."

"Afadhali umeliona mapema," alisema Maj-Britt. "Utaandika nyingine."

"Mimi nitaandika," alisema Ingegerd. "Yeye hataandika tena."

Akalia mbele yao wote, na hakuna aliyejua pa kutazama.