Pembe Nne za Kitambaa cha Kijani

Mama mkwe alikuwa fundi wa miavuli, na hakuwa mtu wa kuacha makombo. Kitambaa alichokikata kilikwisha, uzi aliouvuta ulitosha. Kila mjukuu wake alipoanza shule alimshonea tiara ya nailoni ya kurusha angani, na wajukuu walikuwa wengi, kwa hiyo ukutani kwa kila mtoto wake palikuwa na tiara moja au mbili zimetundikwa. Alipofariki walibaki wajukuu wawili ambao hawakuwa wamepata: binti wa bintiye mkubwa, na mtoto wa kiume wa kijana wake wa mwisho. Wote wawili walikuwa waanze shule muhula ule ule.

Mke wa huyo kijana wa mwisho alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Miaka yote aliyokaa katika ukoo ule hakuwahi kujua kwa hakika kama mama mkwe alimpenda au alimvumilia tu. Bibi yule alikuwa mkavu kwa kila mtu, na ukavu hauna maelezo. Ndiyo maana hiyo tiara ilimkaa rohoni Fundi kuliko alivyokubali kusema. Mtoto akipata, basi amehesabiwa. Asipopata, yeye na mwanawe ni wageni waliokaa muda mrefu.

Wifi yake, yule binti mkubwa wa marehemu, alikuja karakanani kwa Fundi Jumapili baada ya chakula, na kifurushi kwapani. Alikikuta kwenye droo ya marehemu: kipande kimoja cha nailoni ya kijani chenye pembe nne mraba, vijiti vinne, viwili virefu na viwili vifupi, na utepe mwembamba uliokunjwa.

"Wifi, nishonee ya binti yangu," alisema, akaketi kabla hajakaribishwa. Wifi yule hajawahi kukaribishwa popote, huwa ameshafika.

"Na ya mwanangu je?"

"Kitambaa si ndicho hiki? Kimoja. Mama angetaka viwili angeacha viwili. Usinune, mimi ndiye mkubwa."

Fundi alikitandaza kitambaa mezani, akalaza juu yake kijiti kirefu kwa urefu na kifupi kwa upana, vikapishana kama msalaba. Kijiti kirefu kilikuwa sentimita tisini, na kitambaa vilevile. Kifupi kilikuwa sitini, na upana wa kitambaa ulikuwa huo huo. Msalaba ulikuwa juu kidogo, thelathini kutoka kichwani, kama tiara zote za bibi. Akaunganisha ncha nne za vijiti kwa chaki, akakata kwa mkasi, akapitisha ncha ya moto wa mshumaa ukingoni ili nailoni isifumuke. Haikuhitaji kupindwa hata kidogo.

Pembe nne za kitambaa zilianguka sakafuni. Wifi alizisukuma kwa kidole cha mguu.

"Hizo mpe mwanao achezee. Na hivyo vijiti viwili baki navyo, mama aliviweka vya akiba. Utepe nao sijui wa nini, wa mkia nina riboni nzuri nyumbani."

Akaondoka na tiara yake. Fundi alibaki amekaa na hasira zake, maana hasira za kumkasirikia wifi huwezi kuzipeleka popote. Kisha akainama kuokota, kwa sababu karakana ni karakana.

Vipande vilikuwa vinne, pembetatu mbili ndogo na mbili ndefu. Alizipanga mezani zilipokuwa mwanzo, pembeni mwa nafasi tupu ya tiara, akaziangalia kwa muda. Vijiti vilikuwa vimekigawa kitambaa katika vyumba vinne, na kila chumba mkasi ulikikata kona kwa kona. Nusu ya chumba ilikwenda na wifi. Nusu ndiyo hii hapa. Alishika kipande cha kwanza, akakizungusha juu ya meza, kichwa kikaja chini bila kukipindua, akakisukuma hadi pembe yake mraba ikagusa kati, pale vijiti vilipopishana. Akafanya hivyo kwa cha pili, cha tatu, cha nne.

Mezani palikuwa na tiara.

Fundi alicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe. Tatizo lilikuwa maungio: akilaza kitambaa juu ya kitambaa ili ashone, tiara itapungua. Akachukua ule utepe, akaviweka vipande ukingo kwa ukingo bila kupandana, akashonea utepe chini yake, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, pale pale ambapo vijiti vingelala. Akafunga vijiti, akamwita mwanawe.

Jumapili iliyofuata watoto wote wawili walirusha tiara zao uwanjani nyuma ya shule, na wifi aliona. Alivuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto.

"Hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Ni kile kile."

"Kile kile nini? Yangu ni kubwa hivi, na yako ni kubwa hivi hivi! Wewe ulikuwa unaingia chumbani kwa mama kila siku. Kilikuwepo kingine, ukakificha."

Hilo liliuma kuliko yote. Fundi hakupandisha sauti. Alimshika wifi mkono, akampeleka karakanani, akamwekea mkasi na kurasa za gazeti zilizogundishwa pamoja.

"Kata mwenyewe, tisini kwa sitini. Piga mstari wa vijiti. Sasa kata tiara."

Wifi alikata kwa hasira, lakini alikata vizuri, alikuwa binti wa mama yake. Fundi alimwambia achukue kipande cha pembeni akilaze juu ya nusu iliyo kwenye tiara. Kililala bila kubaki wala kupungua. Cha pili hivyo hivyo.

"Gazeti zima ni sentimita za mraba elfu tano na mia nne," Fundi alisema. "Tiara inachukua nusu, elfu mbili na mia saba. Pembe zinachukua nusu nyingine."

"Labda kwa sababu ya hapo ulipovuka vijiti."

"Vuka unapotaka. Kisogeze kifupi juu, kisogeze chini, mradi vimepishana kwa pembe mraba na ncha zimegusa kingo. Vyumba vitabaki vinne, kila kimoja kitakatwa kona kwa kona."

Wifi alijaribu. Alijaribu mara mbili, kwa sababu hakutaka kushindwa. Kisha akaweka mkasi chini, akaichukua tiara ya kijani ya mtoto wa Fundi, akaigeuza mgongoni.

"Huu utepe?"

"Ule ulioniachia."

"Ulibaki kiasi gani?"

"Haukubaki. Urefu wa kijiti kirefu na wa kifupi, ukaishia hapo."

Wifi alipitisha kidole juu ya utepe, kutoka kichwani hadi mkiani, kisha kutoka ncha hadi ncha. Tiara yake mwenyewe haikuwa na utepe, kwa kuwa haikuwa na maungio. Alimjua mama yake. Mama yake hakukata utepe wa kazi ambayo haipo, wala hakuchonga vijiti vya akiba.

"Wifi," alisema, na safari hii sauti ilikuwa imemwishia. "Alimhesabia mwanao."

Fundi alijibu kwamba ndiyo, akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia macho, akakosa. Karakana nzima haikuwa na kipande kilichobaki.